SOMO: Kutunza nakala za chati za WhatsApp kama kumbukumbu ya uchambuzi uliopokea

Wakuu, salaam. Naulizwa karibu kila wiki jinsi ya kutunza chati za WhatsApp kama kumbukumbu, na kila mara naanza upya kuandika jibu lile lile. Leo naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kazi yangu ni kuandaa ripoti za maeneo ya kuchimba visima. Vipimo vya ardhini tunapima, lakini uchambuzi wake simalizi mwenyewe. Namtumia mtaalamu wa jiofizikia, naye ananirudishia majibu kwa WhatsApp: picha ya grafu, ujumbe wa sauti, pengine na mistari mitatu ya maandishi. Mimi ndiye ninayesaini ripoti. Kisima kikitoka kikavu, mteja haji kwake, anakuja kwangu. Hapo ndipo unahitaji kuonyesha uliambiwa nini, na siku gani.

1. Zima `Disappearing messages` kwenye chati ya kazi. Ikiwa imewashwa, ujumbe unafutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90.

2. Fungua kila picha, faili na ujumbe wa sauti hadi vipakuliwe kwenye simu. Kisichokuwa kwenye simu hakitaingia kwenye nakala. Ukishafuta picha kwenye galari ili kupata nafasi, mstari wake utabaki lakini picha haitakuwepo.

3. Toa nakala siku hiyo hiyo uliyopokea uchambuzi, ila subiri dakika 15 zipite. Ndani ya dakika hizo mtumaji anaweza kuhariri ujumbe wake. Kuufuta kwa wote anaweza kwa siku 2 na zaidi. Kwa hiyo ukitoa nakala jioni ya siku ile unakuwa na maneno yaliyokwisha kutulia, na hata akifuta kesho, wewe unayo. Ukisubiri wiki utakuta mstari unaosema tu kwamba ujumbe ulifutwa.

4. Android: fungua chati, vidoti vitatu, `More`, `Export chat`, `Include media`. Aifoni: gusa jina la mtu juu, shuka chini hadi `Export Chat`, `Attach Media`.

5. Ipe faili jina linaloanza na mwaka, mfano `2024-03-04_jiofizikia_01.zip`. Zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

6. Usiguse kilichomo ndani. Hapa niliumia, kwa hiyo someni taratibu.

Mwaka 2024 nilikuwa na kazi ya kijiji kimoja, vituo vitatu vya upimaji. Tarehe 4 Machi mchambuzi akaniandikia kwamba kituo cha 2 ndicho bora, kina kati ya mita 110 na 130, na kwamba kituo cha 3 tusichimbe kwa sababu chini ya mita 40 ni mwamba mzima usio na nyufa. Nikayaweka kwenye ripoti. Mteja akachagua kituo cha 3 kwa kuwa kiko karibu na shule, akachimba tarehe 20 Machi, akafika mita 80, vumbi tupu. Akadai nilimwambia kwa mdomo kwamba kituo cha 3 kinafaa.

Nilikuwa na nakala ya chati. Lakini katikati ya maongezi mchambuzi alikuwa amenieleza ugonjwa wa mkewe, na mimi nilimjibu kwa kirefu. Nikaona haya mambo ya nyumbani kwa mtu hayafai kusomwa mezani na watu baki. Nikafungua ile `.txt`, nikafuta mistari ile, nikahifadhi, nikachapisha. Sikujua kwamba mchambuzi naye aliombwa nakala yake, akaitoa kama ilivyo. Wakili wa mteja akaweka karatasi mbili sambamba: ya mchambuzi mistari 219, yangu 211. Akauliza swali moja tu: "Kama umeondoa hii 8, umeondoa nini kingine?" Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia mwamba tena. Maneno yaliyonilinda yalikuwepo kwenye karatasi zote mbili, neno kwa neno, lakini karatasi yangu haikuaminika tena. Tulimalizana kwa mimi kurudisha nusu ya malipo ya awamu ya mwisho.

Kwa hiyo:

Usirekebishe hata herufi iliyokosewa. Usiifungue faili ya asili kwa Word ukabonyeza hifadhi. Tengeneza nakala ya pili ya kusomea, ile ya kwanza iache.

Kukiwa na mambo ya faragha, yafunike kwa wino mweusi kwenye nakala ya kuchapisha, kisha andika wazi pembeni: "mistari 8 imefunikwa, ni ya kifamilia, faili kamili ipo." Kufunika na kutamka ni tofauti kabisa na kufuta kimya kimya.

Usibadilishe jina la mtu kwenye simu katikati ya kazi. Nakala inaandika jina ulilomhifadhi nalo, wala si namba. Leo ni "Jiofizikia", mwezi ujao ni "Kaka Mkubwa", na anayesoma ataona watu wawili.

7. Chukua hashi ya faili. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na faili yenyewe. Ikibadilika hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unakuwa mwingine. Kwenye Windows:

```
certutil -hashfile 2024-03-04_jiofizikia_01.zip SHA256
```

Kwenye Linux ni `sha256sum`, kwenye Mac ni `shasum -a 256`, ukifuatisha jina la faili. Kisha mtumie mchambuzi barua pepe siku hiyo hiyo: hashi, pamoja na muhtasari wa mistari miwili au mitatu wa ulichoelewa, ukimwomba athibitishe. Akijibu "sawa, ndivyo", jibu hilo lina uzito kuliko faili yote.

8. Andika kwenye rejista: tarehe, jina la faili, namba ya simu ya mtumaji, hashi.

MASWALI

Mzee wa Visima: Skrinshoti si zinatosha mkuu?
Jibu: Hazitoshi. Skrinshoti inaonyesha ujumbe mmoja bila ulichotangulia na ulichofuata, na ujumbe wa sauti haionyeshi kabisa. Piga kama nyongeza.

Kijana wa Takwimu: Hakuna app inayofanya haya yote yenyewe? Hatua 8 ni nyingi.
Jibu: Zinachukua dakika 10. Mgogoro wangu ulichukua miezi 7.

Kijana wa Takwimu: Nimeuliza tu mkuu.
Jibu: Nami nimejibu tu, ndugu yangu. Usiipe app ya mtu baki chati za mteja wako.

Dada Mchoraji: Samahani kaka, nimefanya hatua ya 7. Nimetoa nakala ya chati ile ile mara mbili kwa tofauti ya dakika chache, hashi zimekuja tofauti. Nimeharibu kitu?
Jibu: Hujaharibu, dada, na ni vizuri ulijaribu. Hashi ni ya faili, si ya maongezi. Zipu hubeba pia saa za faili zilizomo, kwa hiyo zipu mbili zinaweza kutofautiana hata maandishi yakiwa yale yale, na ukiingia ujumbe mmoja katikati ndiyo kabisa. Chagua moja, iandike kwenye rejista, hiyo ndiyo ya asili. Na ujue mpaka wake: hashi inaonyesha kwamba faili haijaguswa tangu siku ulipoituma kwenye barua pepe. Haionyeshi kwamba hukuichezea kabla, maana `.txt` mtu yeyote anaweza kuiandika. Ndiyo maana nasisitiza uthibitisho wa mchambuzi, na ndiyo maana simu yenyewe usiiuze mradi ukiwa haujafungwa.

Mpimaji Mstaafu: Nimesoma kisa chako. Tarehe 4 Machi hiyo, nakala yako iliiandikaje? Yangu inaandika mwezi kwanza.
Jibu: Umegusa jambo muhimu mzee wangu, shikamoo. Nakala hufuata mpangilio wa simu. Simu ikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani itaandika `3/4/24`, na mtu wa kwetu atasoma tarehe 3 Aprili. Kwenye kisa changu hiyo ingekuwa wiki mbili baada ya kuchimba, yaani ningeonekana nimepata onyo nikiwa nimeshachelewa! Kujua faili inafuata mpangilio gani, tafuta tarehe yoyote yenye namba zaidi ya 12. Ukikuta `3/14/24`, mwezi uko mbele. Njia nyingine ni majina ya faili za Android, mfano `IMG-20240304-WA0003.jpg`, ambayo tarehe yake huanza na mwaka, kisha mwezi, siku. Kwenye ripoti andika mwezi kwa jina.

Mpimaji Mstaafu: Marahaba. Ongeza na hili: mtaalamu wangu alisema kwenye sauti "majibu nakutumia saa tatu", na mstari ukaonyesha `21:14`. Mwanasheria wa upande wa pili hakuwa mtu wa huku, akasema hazilingani.
Jibu: Asante sana, hilo sikuwa nimeliweka. Kwenye muhtasari wa barua pepe tuandike zote mbili: saa 3 na dakika 14 usiku, yaani 21:14.

Mwanafunzi wa Sheria: Mahakama inalikubali hili kweli?
Jibu: Kwa Tanzania soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ujumbe haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kutumwa kwa njia ya kuaminika, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Rejista ya hatua ya 8 inajibu hayo. Kenya angalia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, wanataka na cheti cha mtu anayehusika na kifaa. Mwenye kesi mkononi aende kwa wakili.

Mzee wa Visima: Mimi kitufe cha `Export chat` kinakataa.
Jibu: Huenda mwenzako amewasha `Advanced chat privacy`, imekuja 2025, inazuia upande wa pili kutoa nakala. Mwombe aizime kwenye chati ya kazi. Asipokubali, mwambie uchambuzi autume kwa barua pepe.

Mzee wa Visima: Na simu ya zamani nilishauza.
Jibu: Basi omba nakala kwa mchambuzi leo, kabla naye hajauza yake.

Dada Mchoraji: Grafu zinakuja na ukungu, namba za chini hazisomeki hata nikivuta.
Jibu: WhatsApp inabana picha zikitumwa kama picha. Mwambie abonyeze alama ya kiambatanisho, achague `Document`, kisha aichague grafu humo. Itafika ilivyo. Ya zamani iliyofifia mwombe aitume upya kwa njia hiyo, nawe uitolee nakala mpya siku hiyo. Ile ya kwanza usiifute.