Soko la samaki Bagamoyo: kupatana bei, kulipa ujira, kutoa asante

Natembeza wageni Bagamoyo, na wengi wao ni Waswahili wenzangu: watu wa Dar waliokuja kushinda Jumamosi, wa Arusha, wa Nairobi. Wanapokwama si kwa ubahili. Wanachanganya hela za aina tatu. Kuna bei, ambayo mnapatana. Kuna ujira, ambao mnakubaliana kabla kazi haijaanza. Na kuna bakshishi, ambayo hutolewa kazi ikishakwisha, kwa hiari. Mpe mtu bakshishi mahali pa ujira na umemdhulumu. Lipa ujira ukidhani umetoa bakshishi, na utashangaa mbona hakushukuru. Nitakupitisha katika asubuhi moja ya kununua samaki pale ufukweni, kwa sababu hela zote tatu zinatoka mfukoni ndani ya saa moja.

Hatua ya kwanza: vunja noti kabla hujafika. Nunua maji dukani, upate buku buku na jero kadhaa. Anayeomba apunguziwe elfu mbili huku ameshika burungutu la noti za elfu kumi, maneno yake hayana uzito. Halafu muuzaji akikosa chenji, wewe ndiye utakayeacha hela, na itakuwa umetoa bakshishi bila kupenda.

Hatua ya pili: angalia kwanza, uliza baadaye. Samaki wakishashuka chomboni hupigwa mnada, na pale dalali anapokea bei za watu wanaochukua kwa wingi. Kama unataka wa kula nyumbani tu, simama pembeni usikilize. Ile bei ya mnada ndiyo mtaji wa mama atakayekuuzia fungu dakika kumi baadaye. Ukiijua, hutamtajia bei ya kumtukana. Sikiliza pia mteja aliyekutangulia analipa ngapi, ila usiingilie mapatano ya mwenzio. Kuongeza bei juu ya mtu ambaye bado anazungumza ni aibu kubwa hapa Pwani.

Na usiulize bei ya kitu usichokitaka. Kuuliza ni kufungua mazungumzo. Ukitaja bei yako nayo ikakubaliwa, umeshanunua.

Hatua ya tatu: patana. Hivi ndivyo nilivyonunua fungu la changu sita hivi karibuni, nikiwa na mgeni pembeni anajifunza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu samaki."

"Asante. Habari za tangu asubuhi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Naomba nimwangalie huyu matamvua." Nilingoja aitikie ndipo nikamshika. Matamvua yalikuwa mekundu, macho maangavu, na nyama niliyoibonyeza ilirudi. "Hili fungu unaliuzaje?"

"Elfu ishirini na tano."

"Samaki wazuri, mama. Nipunguzie, nikupe kumi na nane."

"Aaa, hapo haurudi hata mtaji. Lete ishirini na tatu."

"Ishirini, mama yangu."

Akanyamaza, akawamwagia maji samaki. "Ishirini na mbili, na nakuongezea hawa vibua wawili."

"Haya, Mungu akuzidishie."

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, nilisifu samaki. Wageni wengi hufundishwa kuponda bidhaa ili bei ishuke, waseme samaki wamelala au wadogo. Mama anayejua samaki wake wametoka majini alfajiri hiyo atakufungia mlango, na ana haki. Sababu ya kuomba punguzo iwe mfuko wako, isiwe kasoro ya mali yake.

Pili, sikiliza anavyoshuka. Alishuka elfu mbili, kisha elfu moja, kisha akaacha kushuka akaanza kutoa nyongeza. Nyongeza ni lugha: anakuambia bei imefika chini, lakini wewe bado anakutaka. Ukipewa nyongeza, pokea, lipa. Anayeendelea kukamua baada ya hapo anakula faida ya siku ya mtu. Kinyume chake, muuzaji akishuka kutoka ishirini na tano hadi kumi na tano kwa pumzi moja, palikuwa na cha juu, mara nyingi cha winga aliyekuleta. Hapo agana vizuri, nenda meza ya pili peke yako.

Ukiona haiwezekani, sema "Ahsante mama, nitazunguka kidogo, tukijaaliwa nitarudi." Akikuita, rudi na bei uliyoitaja mwisho, usiishushe tena. Na zipo siku ambazo hakuna nafasi ya kupatana: kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na wakati wa mbalamwezi dagaa wanaovuliwa kwa taa huadimika. Siku hizo lipa bei, au kula maharage.

Hatua ya nne: ujira wa mpaa samaki. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kijana anakuja na kisu, "Nikupaie, mkubwa?" Unauliza ngapi, anajibu, "Utanipa tu chochote." Usikubali. Si kwamba ana nia mbaya, ila chochote chako na chochote chake havilingani. Mgeni wangu mmoja alikubali, samaki wakapaliwa na kutolewa matumbo, akatoa buku. Kijana alitarajia tano. Watu wakajaa, na mgeni akaondoka amekasirika na samaki wake wasafi mkononi.

Sema hivi: "Hapana kaka, nitajie bei ya wote sita, kupaa na kutoa matumbo." Siku ile ya changu tulikubaliana elfu tatu. Mwulize na anayekaanga, na bodaboda kabla hujapanda. Daladala ni jambo jingine: nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, hakuna kupatana wala kuongeza.

Hatua ya tano: bakshishi. Kijana wangu alimaliza, kisha bila kuambiwa akawakata changu mistari ya kuingiza viungo, akatafuta mfuko wa pili ili maji yasivuje garini. Hiyo haikuwa kwenye makubaliano, nikampa buku juu ya elfu tatu zake. Kipimo changu ndicho hicho: amefanya nini zaidi ya tulichokubaliana?

Kwa mtembezaji wa siku nzima, kama kazi ilikuwa nzuri, nashauri kama moja ya kumi ya ujira wake. Kwenye hoteli ya wageni soma bili kwanza. Kama huduma imeshatozwa, si lazima uongeze. Kwa mama ntilie hakuna anayetarajia bakshishi. Ukimwachia chenji ya jero, anafurahi. Usipomwachia, hakuna neno.

Toa kwa mkono wa kulia, noti imekunjwa, wakati wa kuagana, si mbele ya wenzake. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea. Elfu mbili inayokatwa makato kwa wakala si elfu mbili.

Chunga na neno lenyewe. Kwa mbeba mizigo unaweza kusema "hii ya chai". Kwa mtu wa ofisi ya umma, askari au mkata tiketi wa kivutio cha serikali, chai hiyo hiyo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji. Hapo lipa kiingilio, dai risiti yako, sema "ahsante, kazi njema", uondoke.