Kuandaa kikao cha kupiga msasa: chagua tiketi chache, zisome kabla

Kikao cha kupiga msasa orodha ya kazi mara nyingi huwa kimeshaharibika kabla hakijaanza. Timu inakaa, msimamizi wa bidhaa anafungua tiketi ya kwanza na kuisoma kwa sauti, na hapo ndipo wengi wanaiona kwa mara ya kwanza. Saa nzima inaishia kwenye kuelewa kilichoandikwa, makadirio yanatolewa kwa kubahatisha, na maswali magumu yanajitokeza katikati ya sprinti, wakati kazi imeshaahidiwa.

Nitaeleza jinsi tunavyojiandaa katika siku chache zinazotangulia kikao hicho. Mfano wangu ni timu inayotengeneza programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo nchini Kenya, ambayo wanachama huitumia kuweka akiba na kulipa mikopo kwa M-Pesa. Sprinti yetu ni ya wiki mbili na orodha ya kazi iko kwenye Jira. Kikao kinafanyika Jumanne ya wiki ya pili. Siku hiyo ina sababu yake: swali likibaki bila jibu, bado kuna Jumatano hadi Ijumaa za kulitafutia jibu kabla ya kupanga sprinti mpya Jumatatu.

Hatua ya 1: Watu wawili wafanye maandalizi

Msimamizi wa bidhaa peke yake hatoshi. Anajua kwa nini kazi inatakiwa, lakini hawezi kufungua msimbo akaona kinachotokea leo. Kwa hiyo kila sprinti msanidi mmoja anashika zamu ya kujiandaa naye, na zamu inazunguka. Tenga saa mbili za msanidi huyo wakati wa kupanga sprinti. Zisipotengwa ataziiba kwenye kazi nyingine, na kusoma kutakuwa kwa juujuu.

Hatua ya 2: Vuta orodha bila kupoteza tiketi zilizorudishwa

Alhamisi ya wiki ya kwanza, tafuta kazi ambazo haziko kwenye sprinti inayoendelea, kwa mpangilio wa kipaumbele:

```
project = AKIBA AND statusCategory = "To Do"
AND issuetype != Epic
AND (sprint is EMPTY OR sprint not in openSprints())
ORDER BY Rank ASC
```

Mstari wa tatu una sababu. Wengi huandika `sprint is EMPTY` na kuishia hapo. Tiketi iliyoingia kwenye sprinti iliyopita, ikashindikana na kurudishwa kwenye orodha, bado inabeba jina la sprinti ile iliyofungwa. Kwa Jira, sehemu hiyo si tupu, kwa hiyo tiketi haitaonekana. Nazo ndizo zinazohitaji kusomwa upya kuliko zote, kwa kuwa kuna kitu kilizikwamisha. Nusu ya pili nayo haijitoshelezi, maana `not in openSprints()` huacha nje tiketi ambazo hazijawahi kuingia kwenye sprinti yoyote. Weka zote mbili.

Hatua ya 3: Chagua tano, usizidishe sita

Kikao cha saa moja kinatosha tiketi tano kwa dakika kumi kila moja, na dakika kumi za ziada kwa ile itakayogoma. Anza juu ya orodha ushuke, na kwa kila tiketi amua mojawapo: iingie, ingoje, au isihitaji kikao kabisa.

Ndogo na iliyo wazi, kama kusahihisha neno kwenye ujumbe wa kosa, haihitaji watu wanane kuijadili. Mwenye zamu aandike makadirio, na asiyekubali aseme kwenye tiketi. Inayongoja uamuzi wa mtu wa nje ya timu, kwa mfano kiwango kipya cha riba ambacho bodi ya chama haijapitisha, iache. Kuijadili leo ni kuijadili mara mbili. Inayoweza kuingia kwenye sprinti ijayo au ile inayofuata, na ambayo watu wangeielewa tofauti, hiyo ndiyo ya kikao.

Kishawishi hapa ni cha kuongeza: "hii ni fupi, tuiweke pia." Ukifika tiketi kumi, kila msomaji atasoma vichwa vya habari tu. Afadhali tano zilizoeleweka.

Hatua ya 4: Soma tiketi peke yako, kisha soma mfumo

Hapa ndipo kazi ilipo. Msanidi wa zamu asome kila tiketi bila kumuuliza aliyeiandika, kisha aandike kwa maneno yake sentensi mbili: mtumiaji anaona nini leo, na ataona nini kazi ikiisha. Akishindwa kuandika sentensi ya pili, tiketi haijakamilika, na hilo ni swali la kwanza. Akishindwa kuandika ya kwanza, afungue programu aijaribu.

Baada ya hapo aende kwenye msimbo na kumbukumbu za seva. Hatafuti suluhisho. Anatafuta mahali ambapo maelezo ya tiketi na mwenendo wa mfumo havikubaliani.

Chukua tiketi moja iliyokuja kwetu. Kichwa: "Kitufe cha Jaribu tena kwenye malipo yaliyokwama." Maelezo: mwanachama akilipa na skrini ikabaki kwenye "Inasubiri malipo", apewe kitufe cha kuanza upya. Ukiisoma harakaharaka ni kazi ya nusu siku ya upande wa skrini.

Mwenye zamu akafuatilia njia ya malipo. Tunatumia STK Push ya Daraja, API ya Safaricom. Seva yetu inatuma ombi, na jibu la papo hapo likiwa na `ResponseCode` ya `0` maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mteja bado hajaweka namba yake ya siri. Matokeo halisi huja baadaye kwenye anwani tuliyoitaja katika `CallBackURL`, yakiwa na `ResultCode`: `0` amelipa, `1032` ameghairi, na nyinginezo. Kumbukumbu za seva zikaonyesha kwamba kati ya malipo "yaliyokwama" kulikuwa na makundi mawili. Kundi moja ni la walioghairi: matokeo yalifika, lakini msimbo wetu haukubadilisha hali isipokuwa kwa `0`. Kundi la pili ni la matokeo ambayo hayakurekodiwa kabisa, kwa sababu seva yetu ilikuwa ikiwashwa upya baada ya toleo jipya kupandishwa.

Kundi la pili ndilo la hatari. Baadhi ya wanachama hao wameshalipa. Wakipewa kitufe cha "Jaribu tena", watalipa mara mbili, kwa idhini yetu.

Kumbuka kwamba hakuna neno lolote kwenye tiketi lililokuwa la uongo. Aliyeiandika alieleza alichokiona kwa wanachama. Pengo lilikuwa kati ya alichokiona na kinachotokea nyuma ya skrini, na lisingeonekana kwa kuisoma tiketi tu, hata mara tatu.

Hatua ya 5: Geuza usomaji kuwa maswali yenye wenyewe

Chini ya tiketi, andika ulichokikuta kwa aya fupi, kisha maswali, kila moja na mtu wa kulijibu. Kwa tiketi ile yalikuwa hivi:

Kwa msimamizi wa bidhaa: aliyeghairi aone ujumbe gani, na je, hilo linaweza kwenda peke yake kabla ya mengine?

Kwa mhasibu wa chama: leo mwanachama aliyelipa na hakuonekana kwenye mfumo anashughulikiwaje, na inachukua muda gani?

Kwa timu nzima: kabla ya kuruhusu jaribio jipya tunaweza kuuliza hali ya muamala kwa `CheckoutRequestID` kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Ukiuliza mapema mno unajibiwa kwamba muamala bado unashughulikiwa. Tungoje muda gani, na tuulize mara ngapi kabla ya kukata tamaa?

Tazama kilichotokea kwenye maswali mawili ya kwanza: hayahitaji kikao. Yalijibiwa Ijumaa na Jumatatu, kwenye tiketi hiyohiyo. Tiketi ikagawanywa kuwa tatu: kuonyesha hali ya kughairi, kuuliza hali ya muamala pale matokeo yasipofika, na kitufe chenyewe, ambacho sasa kinategemea ile ya pili. Kilichobaki kwa watu wote ni swali moja la muda wa kungoja, na hilo kweli linastahili vichwa vingi.

Kipimo changu ni hiki: kila tiketi iingie kikaoni na swali moja au mawili ambayo timu pekee ndiyo inaweza kuyajibu. Ikiwa na maswali saba, bado haijafika. Ikiwa haina hata moja, ama haikusomwa vizuri, ama haihitaji kikao.

Kwa tiketi zinazokwenda kikaoni, mwenye zamu ajizuie asiandike suluhisho kamili wala makadirio. Namba ikishaandikwa, wengine wataizungukia, na msanidi mdogo aliyeona hatari nyingine atanyamaza. Na kama dakika thelathini zimepita kwenye tiketi moja na bado hajui swali ni lipi, asimame. Hiyo igeuzwe kuwa kazi ya uchunguzi yenye muda maalumu, mathalani siku moja, na nafasi yake ichukuliwe na nyingine.

Hatua ya 6: Tuma orodha Jumatatu asubuhi

Ujumbe uwe mfupi: namba za tiketi tano kwa mpangilio wa kujadiliwa, na mbele ya kila moja swali lake. Omba kila mtu atumie robo saa kuzisoma na kuandika shaka yake kwenye tiketi, si kwenye kundi la WhatsApp, ambako itapotea chini ya mazungumzo mengine. Tanguliza tiketi yenye swali gumu zaidi, watu wakiwa bado na nguvu.

Mpimaji wa ubora atajwe kwa jina kwenye tiketi zinazohusu pesa. Kwa ile ya malipo, ndiye aliyeuliza Jumatatu mchana itakuwaje matokeo yakifika wakati tumeshaanza kuuliza hali sisi wenyewe. Malipo yale yale yangeandikwa mara mbili kwenye akaunti ya mwanachama. Sharti la kukagua kwanza kama muamala huo umeshaandikwa likaongezwa kabla ya kikao.

Utajuaje kama watu wamesoma? Angalia maoni kwenye tiketi Jumatatu jioni. Kimya kwenye tiketi zote tano ni dalili kwamba hawakusoma. Tunachofanya ni kuanza kikao kwa dakika tano za kusoma kimya. Hatusomi tiketi kwa sauti, maana ukizisoma mara moja, sprinti ijayo hakuna atakayejisumbua kuzifungua mapema.

Tiketi ambayo muda haukuifikia inabaki na maandishi yake na kuwa ya kwanza kwenye orodha inayofuata, lakini mwenye zamu mpya aangalie tarehe. Kama msimbo wa sehemu hiyo umeguswa tangu siku ile, aya ya "ulichokikuta" ifutwe na usomaji urudiwe.