Maziwa mengi, krimu kidogo: anza na majani kabla ya kulaumu ng'ombe

Huku Bukavu lawama huanza mvua za Septemba zikirudi: maziwa yanajaa ndoo, lakini mtengeneza jibini analalamika kwamba krimu haipandi.

1. Hakikisha kipimo. Maziwa ya kwanza kutoka kwenye chuchu yana mafuta machache sana, na ya mwisho ndiyo mazito. Ukimwachia ndama amalizie, amekunywa krimu yako. Kamua mpaka mwisho, koroga ndoo yote, ndipo uchote ya kupima. Friziani wa kawaida hutoa mafuta ya asilimia 3.5 hadi 4. Jezi huzidi hapo.

2. Tazama wanavyocheua. Ingia zizini saa mbili au tatu baada ya chakula. Kati ya ng'ombe waliolala, zaidi ya nusu wawe wanacheua. Mavi ya majimaji yenye povu na punje nzima yanaonyesha kwamba tumbo kubwa limechachuka.

Sababu ni hii: vijidudu vya tumboni vikivunja nyuzinyuzi hutoa asidi ya asetiki, na kiwele huitumia kutengeneza mafuta. Kucheua nako huleta mate mengi yanayopunguza ukali wa tumbo. Majani yakipungua na pumba ikizidi, tumbo linakuwa kali, na vijidudu vinageuza mafuta ya chakula kuwa aina inayozuia kiwele kutengeneza mafuta. Ndiyo maana kumwongezea mafuta ya kula hakusaidii; mara nyingi huharibu zaidi.

3. Hesabu chakula kikavu, si uzito wa mzigo. Chukua ng'ombe wa lita 12 anayepewa kilo 25 za majani machanga, kilo 15 za machicha ya bia na kilo 4 za pumba ya mahindi. Mzigo wa majani unaonekana mkubwa, ila ni maji matupu: ukiyatoa, majani yanabaki kama kilo 4 na nusu, machicha 3 na kitu, pumba 3 na nusu. Majani hayafiki nusu. Machicha yana nyuzinyuzi, lakini ni laini mno kumfanya ng'ombe acheue.

Mpe kilo 40 za majani ya mabingobingo au tripsakum iliyokomaa kiasi na kunyauka, machicha 8, pumba 2 na nusu. Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5. Mashine ikisaga majani kama unga, umepoteza faida yote.

4. Panga zamu. Asubuhi majani kwanza, pumba baadaye, tena igawe mara mbili. Bakuli lote la pumba kwenye tumbo tupu, hasa wakati wa kukamua, ndilo kosa ninalolikuta zaidi. Badilisha polepole, kwa muda wa wiki moja hivi.

Mafuta hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Lita zinaweza kushuka kidogo, kwa hiyo kubaliana bei na mtengeneza jibini kabla ya kuanza.