Wakala alikula pesa, kazi ya Kanada haikuwepo: namna ya kuzidai hapa Kenya

Kazi yangu ni usaidizi wa kisheria, na kwa miaka kadhaa sasa nimekaa mezani na watu waliolipia kazi za ng'ambo ambazo hazikuwepo. Wengi hunijia wakiwa wameshaharibu jambo moja muhimu: wamemtukana wakala kwenye WhatsApp, naye akafuta jumbe zake zote na kuwazuia. Kwa hiyo kama umegundua leo kwamba umetapeliwa, usimpigie bado. Soma kwanza.

Nitafuata kesi ya binti mmoja wa Likoni. Aliambiwa kuna kazi ya kupakia bidhaa kwenye ghala huko Kanada, akalipa mara tatu: 15,000 za "usajili" kwa M-Pesa kwenye simu ya mtu binafsi, 120,000 kwenye akaunti ya benki ya kampuni, na 50,000 za "viza" kwenye simu ile ile ya kwanza. Jumla shilingi 185,000. Kwa miezi saba jibu lilikuwa moja: "Dada, vuta subira, viza iko njiani."

Hatua ya 1: Funga ushahidi kabla hajajua umeamka

Fungua mazungumzo ya WhatsApp, uende kwenye menyu, uchague `Export chat`, kisha ujitumie faili hilo kwa barua pepe. Picha za skrini peke yake hazitoshi kwa sababu hukatwa vipande, na upande wa pili utasema umechagua unachotaka. Faili zima lina tarehe na saa za kila ujumbe. Jumbe za sauti zihifadhi pia, na uandike kwenye karatasi yaliyosemwa.

Kwa M-Pesa, usitegemee ujumbe mfupi uliobaki kwenye simu. Piga `*334#` uombe taarifa ya akaunti ya miezi husika. Itakuonyesha nambari ya muamala na jina la aliyepokea. Jina hilo liangalie vizuri. Katika kesi yetu halikuwa jina la kampuni wala la yule kijana aliyekuwa akiongea na binti. Lilikuwa la mwanamke ambaye hakuwahi kumsikia. Karatasi ya benki nayo itunze kama cheti cha kuzaliwa. Nitaeleza kwa nini mwishoni.

Unapochapisha vitu hivi, andika ukurasa mmoja wa kuthibitisha: simu ni ya aina gani na ni yako, nani alichapisha, lini, na kwamba hakuna kilichobadilishwa. Weka sahihi. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha namna hiyo kwa ushahidi wa kielektroniki, na nimeona watu wakiyumba mahakamani kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba kazi haipo

Kudhani haitoshi. Kuchelewa kwa viza si utapeli, na wakala atajificha nyuma ya kisingizio hicho. Barua ya kazi aliyokuletea ina jina la mwajiri. Tafuta tovuti halisi ya kampuni hiyo mwenyewe, usitumie kiungo ulichotumiwa, kisha uwaandikie: je, mna nafasi hii, na je, wakala huyu mnamjua? Binti alijibiwa baada ya siku nne kwamba hawamjui na kwamba hawaajiri kwa njia hiyo. Barua pepe hiyo ya mistari mitatu ndiyo iliyobeba kesi.

Kwa Kanada kuna jambo jingine. Kwa kazi nyingi za ngazi hii, mwajiri anayetaka mtu kutoka nje huhitaji kibali kiitwacho LMIA, na serikali ya Kanada huchapisha orodha ya waajiri waliokipata. Kama jina halimo, chapisha ukurasa huo uuweke kwenye faili, ingawa peke yake hautoshi, kwani orodha hutoka kwa vipindi.

Halafu angalia kama wakala ana leseni. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo wengi tunaiita NEA, ina orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye `neaims.go.ke`. Linganisha jina herufi kwa herufi, maana kuna wanaoazima jina la kampuni halali na kuongeza neno moja.

Hatua ya 3: Jua unamdai nani

Hapa ndipo madai mengi hufa. Bango la ofisini si mtu wa kushtakiwa. Kwenye eCitizen, upande wa usajili wa biashara, omba taarifa rasmi. Kama ni jina la biashara tu, utapata jina la mwenye biashara, na yeye ndiye unayemdai. Kama ni kampuni, omba hati ya CR12, itakayokuonyesha wakurugenzi.

Kampuni na mkurugenzi wake ni watu wawili mbele ya sheria, kwa hiyo ukidai kampuni pekee huenda ukashinda dhidi ya kabati tupu. Aliyepokea pesa kwenye simu yake binafsi mtaje kwa jina kama mdaiwa wa pili. Yule mwanamke wa M-Pesa, kumbe, alikuwa mmoja wa wakurugenzi.

Hatua ya 4: Pata ungamo, kisha tuma barua ya madai

Kabla ya barua, mwandikie ujumbe wa kawaida, wa upole: "Bwana, nilikulipa jumla ya 185,000 kati ya Februari na Mei kwa kazi ya Kanada. Kwa kuwa safari haikutokea, utanirudishia lini?" Usiongeze neno. Wengi hujibu, "Nipe hadi mwisho wa mwezi." Amekiri kiasi na amekiri kupokea, na hutahangaika tena kuthibitisha mambo hayo mawili.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Hii ndiyo tuliyotuma, nikiwa nimeondoa majina:

> YAH: MADAI YA KUREJESHEWA SHILINGI 185,000
>
> Mliniambia kwamba mna nafasi ya kazi iliyo tayari kwa mwajiri aliyetajwa kwenye barua yenu. Kwa kuamini maneno hayo nililipa 15,000, 120,000 na 50,000 (nakala za malipo zimeambatishwa). Mwajiri huyo amethibitisha kwa maandishi kwamba hakuna nafasi hiyo na kwamba hawawajui ninyi.
>
> Nadai mnirejeshee shilingi 185,000 ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Msipolipa nitafungua madai mahakamani bila kuwapa ilani nyingine, na nitadai pia riba na gharama.

Zingatia kilichokosekana: hakuna "nilipe la sivyo nitakufunga." Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai lenyewe, na mtapeli mzoefu analijua. Polisi unaenda au huendi. Hilo usilifanye bei. Vilevile usibandike picha yake kwenye Facebook ukimwita mwizi, utampa sababu ya kukushtaki wewe.

Binti alitaka kuongeza ada ya pasipoti na 7,500 alizolipa hospitali kwa uchunguzi wa afya. Pasipoti niliikataa, kwani bado ni yake na itamfaa. Za uchunguzi unaweza kuzidai kama hasara ukiwa na risiti, lakini zitenge, zisichafue hesabu ya pesa walizopokea wao.

Tarajia mambo mawili. Kwanza, watakuonyesha risiti iliyoandikwa "pesa hazirudishwi." Usitishike. Ada ya huduma hulindwa na maneno hayo pale huduma inapokuwepo, si pale kilichouzwa kilipokuwa hewa. Pili, na hili ni la hatari zaidi, watakuita ofisini wakupe kitu kidogo usaini "makubaliano." Binti aliwekewa 20,000 mezani na karatasi iliyosema kwamba kilichobaki ni mkopo. Ukisaini hiyo, utapeli umegeuka deni la kawaida, na polisi watakwambia ni mambo ya madai tu. Pesa pokea kama wanatoa, lakini uandike kwa mkono wako, "sehemu ya 185,000 zilizolipwa kwa kazi isiyokuwepo." Walipoona hivyo walizirudisha 20,000 mfukoni.

Hatua ya 5: Polisi, kwa maneno yanayofaa

Ripoti kituoni upewe nambari ya OB. Kinachoamua kesi ni namna utakavyoandika taarifa yako. Kosa la kujipatia pesa kwa udanganyifu liko kwenye kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungu cha 312 kinasema udanganyifu huo ni uwongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho haimo. Kwa hiyo ukiandika "aliniahidi kunipeleka Kanada," umeiua kesi kwa kalamu yako. Andika alichodai kuwa kipo siku ile: "aliniambia ana nafasi ishirini alizokwisha kupewa na mwajiri," "alinionyesha barua akasema imetoka kwa mwajiri," "alisema ana leseni."

Kama ana leseni, peleka malalamiko NEA pia. Wakala halali huogopa kupoteza leseni kuliko anavyoogopa OB. Asiye na leseni hawana cha kumnyang'anya.

Hatua ya 6: Mahakama ya Madai Madogo

Siku 14 zikipita, nenda huku. Mahakama hii ilianza kazi mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unafungua kupitia `efiling.court.go.ke`. Kama huwezi, ulizia dawati la msaada mahakamani. Ambatisha kila kitu cha hatua ya kwanza hadi ya nne, kwa mpangilio wa tarehe, na kurasa zenye nambari.

Kinachochelewesha ni kumfikishia mdaiwa samansi. Ofisi huwa imeshahamishwa. Siku hizi samansi hupelekwa hata kwa barua pepe au WhatsApp, mradi uape hati ya kiapo ukionyesha ujumbe ulifika. Nambari aliyokuwa akijibu nayo ndiyo hiyo, na ndiyo sababu nilisema usimtukane akakuzuia.

Usikae ukisubiri wakutafute kwa suluhu. Madai ya mkataba hukatwa na sheria baada ya miaka 6, lakini akaunti ya benki hukaushwa kwa wiki.

Hatua ya 7: Hukumu si pesa

Wadaiwa hawakufika, mwamuzi akampa binti hukumu ya 185,000 pamoja na riba. Hawakulipa. Hapo ndipo ile karatasi ya benki ilipofanya kazi yake ya pili: ilikuwa na jina la benki na nambari ya akaunti. Tuliomba amri ya kushika pesa zilizo humo, na benki ikajibu kwamba mna 31,200. Akachukua zote.

Siku mbili baadaye yule mwanamke wa M-Pesa alipiga simu mwenyewe, sauti ya upole, akaomba kulipa 30,000 kila mwezi. Nilimwambia binti akubali, ila makubaliano yaandikwe mahakamani, si ofisini kwao. Hadi naandika haya amepokea malipo matatu.