Kuhamisha Utani wa Sauti wa Matangazo ya Kichina Hadi Kiswahili, Hatua kwa Hatua

Matangazo ya Kichina yana mchezo mmoja unaorudi mara kwa mara. Mtunzi huchukua nahau ya maneno manne inayojulikana na kila mtu, hutoa herufi moja, kisha huweka nyingine inayotamkwa vilevile lakini inayotaja bidhaa. Anayeisoma kwa sauti husikia nahau ileile ya siku zote, ila macho yanaona nyingine. Ukitafsiri maneno yake tu, unabaki na sentensi kavu ambayo hakuna atakayeitabasamia.

Mfano tutakaoushika ni wa dawa ya mbu: 默默无蚊, mòmò wúwén. Nahau ya asili ni 默默无闻, yaani kufanya mambo kimyakimya bila kujulikana. Herufi ya mwisho, 闻, ina maana ya kusikika. Mahali pake pamewekwa 蚊, mbu. Zote mbili ni wén, kwa toni ileile. Hivyo "kimya, bila kujulikana" imekuwa "kimya, bila mbu".

Hatua ya kwanza: fungua utani kabla ya kuutafsiri

Andika vitu vitatu kwenye karatasi: nahau ya asili inasema nini, herufi mpya inasema nini, na maana hizo mbili zinakutana wapi. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika, na ndicho unachohamisha. Kwenye dawa ya mbu, maana hukutana kwenye ukimya: dawa haina kelele, na chumba hakina mlio wa mbu sikioni. Neno "mbu" lenyewe si lazima livuke, kwa sababu picha ya pakiti tayari inamwonyesha.

Hatua ya pili: kubali kwamba Kiswahili hakifanyi hila ileile

Kichina kina silabi kama 400 tu ukiacha toni, kwa hiyo maneno mengi yanagongana kwa sauti, na herufi ndizo zinazoyatenganisha. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Jicho na sikio hupata kitu kilekile, kwa hiyo huwezi kumsikilizisha mtu neno moja huku ukimwonyesha jingine. Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua methali na kugeuza sauti moja. Ya pili ni kutumia neno moja lenye maana mbili.

Hatua ya tatu: tafuta methali kwa upande wa mkutano, si kwa jina la bidhaa

Wengi huanza kwa kutafuta methali yenye mbu ndani yake, na hukwama. Tafuta yenye ukimya. Iko moja inayojulikana sana: *Kimya kingi kina mshindo mkuu.* Sasa ipitie neno kwa neno ukibadilisha irabu. Ukifika kwenye *mshindo*, geuza o iwe i:

*Kimya kingi kina mshindi mkuu.*

Irabu moja tu imebadilika. Silabi ni zilezile, mkazo uko palepale kwenye *shi*, na *mkuu* inapatana na *mshindi* kama ilivyopatana na *mshindo*. Maana nayo imegeuka: mahali palipo kimya usiku kucha, yupo aliyeshinda vita na mbu. Hii inakaribia Kichina kuliko "Kimya kingi hakina mbu", ambayo inataja bidhaa waziwazi lakini imevunja mkia wote wa methali. Msomaji lazima aisikie methali ya asili nyuma ya ile mpya. Asipoisikia, hakuna mchezo.

Kuna tatizo moja hapa: "mshindi mkuu" ni maneno ya bahati nasibu. Ukiyapanga juu ya pakiti yenye nyota za dhahabu na neno "Shinda!", mnunuzi ataanza kutafuta namba ya kutuma kwa simu. Weka picha ya mtu aliyelala fofofo, na usiweke kitu chochote kinachofanana na zawadi.

Hatua ya nne: pima upatanisho

Hapa ndipo methali nyingi zinapofia. Tuseme unatangaza rangi ya nyumba na unaipenda *Maji yakimwagika hayazoleki.* Ukiweka "rangi" mahali pa "maji", sarufi inakulazimisha useme *ikimwagika haizoleki*, na sasa maneno yote matatu yamebadilika. Ukiweka "mafuta", vitenzi vinabaki vilevile. Kabla hujalipenda wazo, angalia kama neno jipya liko ngeli moja na la zamani, au angalau linachukua viambishi vinavyofanana, kama ilivyotokea kwa *mshindi*.

Halafu pima mkazo. Kuna tangazo la dawa ya kikohozi, 咳不容缓, lililotokana na 刻不容缓, "hakuna hata dakika ya kuchelewa". (Hapo toni hazilingani, kè dhidi ya ké, na bado watu waliukubali.) Methali yetu ya kuchelewa ipo: *Ngoja ngoja huumiza matumbo.* Jaribio la haraka ni "mapafu": silabi ni tatu, lakini irabu yenye mkazo imekuwa a, na zaidi ya hapo mapafu yanatisha, kwa sababu mgonjwa wa mafua ataanza kuwaza nimonia. Weka "kifua":

*Ngoja ngoja huumiza kifua.*

Mkazo unaangukia u, kama kwenye *matumbo*. Na "kifua" katika mazungumzo ya kila siku ni jina la ugonjwa wenyewe, kama mtu anaposema mtoto ana kifua. Kama bidhaa ingekuwa dawa ya tumbo, usingegeuza kitu: ungeiacha methali ilivyo, na bidhaa ingeifanya iwe ya kweli neno kwa neno.

Hatua ya tano: pale methali zisipopatikana, tumia neno lenye maana mbili

百衣百顺 ni kaulimbiu ya pasi ya umeme. Ya asili, 百依百顺, ni kutii katika kila jambo. 依 (kufuata) imekuwa 衣 (nguo), zote yī. Kwetu neno "pasi" linabeba mzigo wote: ni chombo, na ni "bila". Unaweza kuvutiwa na "Pasi na mikunjo", lakini iache, kwani nusu ya wasomaji wataelewa pasi *pamoja na* mikunjo. Tumia *Nguo imenyooka, pasi na shaka.* Maana mbaya haina mahali pa kushika, na "kunyooka" kunabeba nguo na tabia pia, kama 顺 inavyofanya.

Kwa hita ya maji ya kuoga, 随心所浴 ("kuoga upendavyo", kutokana na 随心所欲), *Oga bila woga* inatosha. Ila kama hita ni ile ya umeme inayofungwa juu ya bomba, woga wa wateja wengi ni kupigwa shoti, si baridi. Itumie pale tu kifaa kina kinga ya kweli na tangazo linaionyesha.

Hatua ya sita: jaribu kwa masikio

Soma nusu ya kwanza, "Kimya kingi kina…", kisha nyamaza. Msikilizaji akimalizia mwenyewe "mshindo mkuu", methali iko hai kwake na utani utafanya kazi. Asipoimalizia, badilisha methali, usiongeze maelezo. Fanya hivyo kwa watu wa kila mji tangazo litakakofika, maana methali iliyo mdomoni mwa watu Tanga inaweza kuwa ngeni kwa kijana wa Nairobi.

Kaulimbiu ya redio ichunguzwe peke yake. "Tairi barabara" inapendeza kwenye bango, kwani msomaji anaona njia na anaona "sawasawa". Mtangazaji lazima achague mkazo mmoja, *barabára* au *barábara*, na akichagua, maana moja imekufa.

Mteja kutoka China akisita kuchezea methali, usishangae. Novemba 2014 mamlaka ya utangazaji ya huko ilitoa agizo dhidi ya kugeuza nahau kwenye redio na televisheni, na ile ya kikohozi ilitajwa kama mfano mbaya, kwa hofu kwamba watoto watajifunza herufi zisizo sahihi. Mwonyeshe kaulimbiu mbili kando kwa kando, methali ya asili na uliyoigeuza, ukipigia mstari irabu iliyobadilika, ili aone kwamba kila neno kwenye pakiti limeandikwa kama linavyoandikwa kwenye kamusi.