Somo: Kuficha "last seen" na "online" kwenye WhatsApp, na kwa nini ukificha yako za wenzako nazo zinapotea

Wiki mbili zilizopita mama mmoja anayeuza mukene kwa jumla hapa Busia (ng'ambo ya pili ya mpaka wanaziita omena) alikuja kibandani kwangu akasema simu yake inaumwa. Tajiri wake wa mwalo wa Masese, kule Jinja, haonyeshi tena saa aliyoingia WhatsApp mara ya mwisho. Wala dereva wa lori. Wala dada yake. "Wote wamenibloku siku moja?" akaniuliza, nusu anacheka, nusu ameshaumia.

Hakuna aliyembloku. Siku chache nyuma kijana wake alikuwa amemfichia "last seen", kwa sababu wateja walimwona yuko hewani saa tano usiku, basi wanaanza kuulizia bei ya gunia. Kijana aliweka "Nobody" akarudisha simu, hakumweleza upande wa pili wa hiyo shughuli. Naeleza pande zote mbili hapa, maana ninaowaona wengi wanajua wa kwanza tu.

Kwanza tutofautishe vitu viwili

Ukifungua maongezi na mtu, chini ya jina lake juu ya skrini unaweza kukuta maneno kama "last seen today at 04:52". Hiyo ni saa aliyotumia WhatsApp mara ya mwisho, yaani saa kumi na moja kasoro dakika nane alfajiri. Ukikuta "online", maana yake sasa hivi amefungua WhatsApp na ana intaneti. Si kwamba anasoma ujumbe wako. Anaweza kuwa anasikiliza sauti ya kikundi cha kanisa.

Zamani ulikuwa na uwezo wa kuficha "last seen" peke yake. Kuficha "online" kulitangazwa Agosti 2022, kwa hiyo kama WhatsApp yako ni ya kale sana na hukipati kipengele hicho, sasisha kwanza.

Hatua zenyewe

1. Kwenye Android, fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu juu kulia, kisha "Settings". Kwenye iPhone, angalia kona ya chini kulia.
2. Gusa "Privacy".
3. Gusa "Last seen and online". Iko juu kabisa ya orodha.
4. Utaona sehemu mbili. Ya juu inauliza nani aone "last seen" yako, na ina majibu manne: "Everyone" (kila mtu), "My contacts" (waliosevuwa kwenye simu yako), "My contacts except..." (waliosevuwa isipokuwa utakaowachagua) na "Nobody" (hata mmoja).
5. Ya chini inauliza nani akuone ukiwa "online". Hapo majibu ni mawili tu: "Everyone" au "Same as last seen", yaani ifuate ulichochagua juu.

Hatua ya 5 ndiyo watu wanaruka. Wanaweka "Nobody" juu, wanafunga, halafu wanashangaa bado wanaonekana hewani. Ukitaka vyote viwili vifichike, chagua "Nobody" juu na "Same as last seen" chini.

Sasa bei yake

Usipomwonyesha mtu yako, na wewe huonyeshwi yake. WhatsApp yenyewe imeandika hivyo pale pale kwenye ukurasa wa hatua ya 4, kwa herufi ndogo ambazo nani anazisoma. Ukiweka "Nobody" umejificha kwa watu wote, kwa hiyo watu wote wamefichika kwako. Ndiyo maana mama wa mukene alipoteza Masese, dereva na dada kwa pigo moja. Yeye hakuwa anachungulia watu kwa umbea. Kila alfajiri kabla hajapiga simu alikuwa anaangalia kama tajiri ameshaamka, kwa sababu yule mzee ukimkatiza usingizi, bei inapanda.

Kila kitu kinahesabiwa kivyake. Ukificha "last seen" lakini ukaacha "online" kwa "Everyone", utapoteza "last seen" za watu lakini bado utawaona wakiwa hewani, kwa vile nawe unaonekana.

Dawa ya yule mama ilikuwa "My contacts except...". Ukiigusa, inafunguka orodha ya majina. Unagusa wale unaotaka kuwafichia tu, kisha unathibitisha kwa tiki ya chini. Hapa ile bei inalipwa kwa mtu mmoja mmoja: uliyemfichia humwoni, wengine mnaonana kama kawaida. Na wateja ambao hajawasevu, hao hawamwoni hata bila kuwachagua, kwa sababu hawamo kwenye "contacts" zake.

Tulikaa naye kwenye benchi tukapita majina. Akachagua matatu: wateja wawili wa usiku na shemeji yake mmoja ambaye sikuuliza habari zake. Chini tukaweka "Same as last seen". Tukafungua maongezi ya Masese, na saa ikarudi palepale chini ya jina. Akapiga makofi. Halafu akanyamaza, akaangalia orodha tena.

"Huyu wa pili ana pesa yangu ya magunia mawili. Nikimficha sitamwona?"

Hutamwona, mama.

"Basi mtoe. Wacha anione, bora nimwone."

Tukamtoa, yakabaki majina mawili.

Jinsi ya kujua tatizo ni lako au la mwenzako

Angalia watu watano au sita unaozungumza nao mara kwa mara. Kama wote hawana saa, ni mipangilio yako. Kama ni mmoja tu, basi ama umemweka kwenye orodha ya "except", ama yeye ndiye amejificha kwako, ama kweli amekubloku. Kubloku kuna dalili nyingine: picha yake huioni, na ujumbe unabaki na tiki moja siku nenda siku rudi. Hata hivyo usimhukumu mtu kwa dalili moja. Tiki moja yaweza kuwa ni bando limekwisha.

Ukitaka uhakika wa mipangilio yako, azima simu ya mtu uliyemfichia, kaeni meza moja, wewe ufungue WhatsApp na yeye afungue maongezi yenu. Chini ya jina lako kusiwe na kitu. Kisha anza kumwandikia. Hapo ataona "typing...", na hiyo haifichiki kwa mpangilio wowote kati ya hii. Mnaojificha halafu mnaandika na kufuta mara nne, mnaonekana.

Maswali ya wanachama

Mama Nekesa, Tororo: Mwalimu, nikimfichia mume wangu, ataletewa taarifa?

Hapana dada, hakuna taarifa inayokwenda. Ila jana alikuwa anaona saa na leo haioni, hilo atalitambua mwenyewe bila kuambiwa. Na kwa kuwa nawe hutaona ya kwake, mkianza kuulizana utakuwa huna lako la kumwonyesha. Ya nyumbani siingilii.

Boda wa Malaba: Kuna jamaa ananiambia niweke WhatsApp ya GB, inaficha yangu na bado naona za watu. Ni kweli?

Kaka, hiyo si WhatsApp, ni programu iliyotengenezwa na watu wengine kwa kuiga. WhatsApp hawairuhusu, na namba inayokutwa humo inaweza kufungiwa, kwa muda au moja kwa moja. Zaidi ya hapo, maongezi yako yote yanapita kwenye kitu ambacho hujui nani amekitengeneza wala anachukua nini. Wewe wateja wako wanakupigia kwenye namba hiyo hiyo, na mobile money iko hapo hapo. Mimi mtu akiniletea simu niiweke, simwekei.

Boda wa Malaba: Sawa, lakini si naweza kufungua kwa dakika moja, nachungulia, nafunga tena?

Unaweza. Rudisha "Everyone", angalia, kisha funga. Ila kwa dakika hiyo umeonekana na wewe, tena kwa kila mtu aliyefungua maongezi yako wakati huo. Mlango ukiufungua uone nje, wa nje naye anaona ndani.

Mwalimu wa Koboko: Nimeficha vyote viwili, lakini mwalimu mkuu akituma kwenye kikundi cha shule anajua nimesoma saa ngapi. Anatumia nini?

Ndugu mwalimu, hizo ni tiki za bluu, na ni mpangilio mwingine kabisa. Ziko "Privacy" hiyo hiyo, kwa jina "Read receipts". Ukizizima, kwa maongezi ya watu wawili zinapotea, na huko nako bei ni ile ile: huoni za wenzako. Lakini kwenye vikundi hazizimiki. Mwalimu mkuu akibonyeza ujumbe wake kwa muda akachagua "Info", anapata majina ya waliosoma na saa zao. Ukitaka asijue, soma kwenye taarifa inayodondoka juu ya skrini bila kufungua kikundi. Taarifa hiyo haikuhesabii kusoma, wala haikuonyeshi "online". Ujumbe mrefu utakatwa, hilo halina dawa.

Auma wa Arua: Mimi natumia WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisini. Niweke upya na huko?

Hapana. Mpangilio unafuata akaunti, si kifaa. Ukiweka kwenye simu umemaliza. Lakini kumbuka pia kwamba kama hukuficha, kufungua kwenye kompyuta kunakuonyesha uko hewani hata simu ikiwa mfukoni.

Mama Nekesa, Tororo: Mwalimu nimefanya ulivyosema, nikamweka mmoja tu kwenye "except". Sasa nimebadilisha mawazo, namtoaje?

Rudi pale pale, gusa "My contacts except..." tena. Orodha itafunguka na jina lake likiwa na alama. Liguse alama iondoke, kisha gusa tiki ya chini. Usiishie kutoa alama tu ukabonyeza kurudi nyuma, maana haitahifadhiwa, na utakuja kuniambia simu inaumwa.