Kabla hujatafuna tembe ya kiungulia ukiwa kwa antibayotiki ama dawa za kuongeza damu

Nafanya kazi kwa kemisti mtaani Kayole na hii kitu nimeiona mara nyingi, lakini ile iliniuma zaidi ni ya dada yangu mwenyewe. Anauza mitumba Gikomba, akashikwa na maambukizi ya mkojo, ile ya kuchoma na kukimbia choo kila saa, daktari akamwandikia antibayotiki inaitwa siprofloksasini ya miligramu 500 asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku ya nne akanipigia simu akisema ameuziwa dawa feki juu bado anachomeka vile vile na sasa anaskia joto mwilini. Nikamwambia hebu nielezee vile unameza, kila kitu, hadi unameza na nini. Akasema saa moja asubuhi anameza na chai, alafu juu ile dawa inamsumbua tumbo anatafuna tembe mbili za kiungulia hapo hapo, jioni pia hivyo hivyo. Nikamwambia anitumie picha ya pakiti ya hizo tembe. Nyuma imeandikwa alumini haidroksaidi na magnesiamu haidroksaidi. Dawa yake haikuwa feki, ni vile karibu yote ilikuwa inapita tumboni na kutoka bila kuingia kwa damu.

Kwa hivyo kitu ya kwanza kabla ya yote ni kugeuza pakiti na kusoma nyuma. Jina la mbele halikusaidii, kuna dawa za kiungulia nyingi sana na kila moja iko na jina lake, ile inasaidia ni kujua kama ndani kuna kalsiamu, alumini ama magnesiamu, na hizi tembe za kutafuna na zile za maji nyeupe za chupa karibu zote ziko na moja ya hizo ama mbili pamoja. Angalia pia vitu ambazo hukuziita dawa ya kiungulia, kama maltivitamini yenye zinki na chuma, vidonge vya kalsiamu vya mifupa, na ile dawa ya alsa inaitwa sukralfeti, hiyo ndani yake kuna alumini mingi na wagonjwa wengi hawajui.

Alafu geuza pakiti ya antibayotiki pia. Ukiona jina linaishia na mlio wa "floksasini", kama siprofloksasini ama levofloksasini, ama linaishia na "saiklini", kama doksisaiklini na tetrasaiklini, hapo ndipo kuna shida. Amoksilini haisumbuki na hizi madini, so kama ni hiyo umepewa, maneno mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Sasa ni kwa nini. Siprofloksasini iko na sehemu moja yenye oksijeni mbili zimekaa karibu karibu, na hizo zinashika madini vile kaa anashika kitu kwa magando yake. Alumini ndiyo inashikwa kwa nguvu kushinda zote, magnesiamu inafuata, kalsiamu iko nyuma kidogo lakini pia inashikwa. Ikishashikana, ile kitu mpya haiwezi kupenya ukuta wa utumbo kuingia kwa damu, inaenda na choo. Wala hutaskia kitu, kiungulia kitatulia vizuri, na hii ndio inafanya watu waendelee hivyo siku saba bila kushuku, juu ile tembe ya kiungulia inafanya kazi yake sawa kabisa, ile inakufa ni ile ingine.

Na hapa kwa masaa ndipo watu wengi wanakosea, hata wale wameambiwa "achanisha na masaa mawili". Mawili ni sawa upande mmoja tu. Watu walipopewa dawa ya kiungulia ya alumini na magnesiamu dakika chache kabla ya siprofloksasini, ile dawa iliingia kwa damu ilikuwa kama asilimia 15 tu ya kawaida. Walipongoja masaa mawili baada ya dawa ya kiungulia ndio wameze siprofloksasini, bado haikufika hata robo. Masaa manne ikafika kama asilimia 70. Masaa sita ndio ikarudi kawaida. Lakini wakianza na siprofloksasini, wangoje masaa mawili, alafu ndio wachukue ya kiungulia, hakuna kitu ilipotea.

Ukifikiria inaingia akilini. Siprofloksasini ikitangulia, ndani ya masaa mawili imeshaingia kwa damu, madini yakija yanakuta imeondoka. Madini yakitangulia yanabaki kwa utumbo muda mrefu, hata baada ya kiungulia kuisha na wewe umesahau ulitafuna kitu, na antibayotiki ikishuka inayakuta yanangoja. Kwa hivyo ni hivi: siprofloksasini kwanza, masaa mawili, alafu ya kiungulia. Kama ya kiungulia ndiyo imetangulia, ngoja masaa sita. Levofloksasini haina ukali hivyo, hiyo masaa mawili kabla ama baada inatosha.

Kabla hujaanza kozi, chukua karatasi upange. Nilimpangia dada yangu kwa simu akiwa amekaa kwa kibanda chake. Siprofloksasini saa moja asubuhi na saa moja usiku. Kutoka saa moja asubuhi ongeza masaa mawili, ni saa tatu. Kutoka saa moja usiku rudi nyuma masaa sita, ni saa saba mchana. Hiyo inamaanisha mchana dawa ya kiungulia inaweza kuingia kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana pekee. Usiku ni hivyo hivyo, kati ya saa tatu usiku na saa saba usiku. Nje ya hapo hakuna kutafuna. Akaniuliza, na kikija saa kumi jioni nikiwa hapa? Nikamwambia hapo utavumilia, usiinamie mizigo baada ya kula, kula kidogo kidogo, na kama ni kila siku urudi kwa daktari akuangalizie dawa kama omeprazoli, hiyo haina madini ya kushika antibayotiki, inapunguza asidi kwa njia ingine kabisa.

Sasa dada yangu pia alikuwa anameza vidonge vya damu, vya madini ya chuma, na hapo karatasi ikabana. Chuma pia inashika siprofloksasini, sheria ni ile ile ya masaa mawili na sita. Alafu chuma yenyewe haielewani na dawa ya kiungulia. Kwa hivyo tukaweka chuma saa tano asubuhi, ndani ya lile dirisha la mchana, na tembe ya kiungulia tukaipeleka saa tatu usiku peke yake, na ilimfaa juu kiungulia chake kinamshika sana akilala. Kama daktari wako anakubali unaweza pia kusimamisha chuma hizo siku chache za antibayotiki alafu uendelee nayo, mara nyingi ni rahisi kuliko kuhesabu masaa, lakini muulize, usijiamulie.

Doksisaiklini kidogo iko tofauti. Na dawa ya kiungulia achanisha masaa mawili hadi matatu, lakini na chuma hata ukiachanisha bado kuna hasara kiasi, juu doksisaiklini ikishaingia kwa damu sehemu yake inarudi tena kwa utumbo kupitia nyongo, na ikirudi chuma iko hapo inaishika. Hiyo ndio moja ya zile ningeuliza daktari kwanza kama chuma inaweza kungoja.

Hata bila antibayotiki, kama uko kwa dawa za kuongeza damu fikiria hii kabla hujaongeza tembe ya kiungulia. Chuma inahitaji asidi ya tumbo ndio iyeyuke na kubaki kwa hali ambayo utumbo unaweza kuichukua. Dawa ya kiungulia kazi yake ni kumaliza hiyo asidi, na kama iko na kalsiamu hiyo kalsiamu nayo inazuia chuma kuingia. Kina mama wajawazito ndio nawafikiria sana hapa, kliniki wanapewa vile vidonge vya chuma na foliki asidi, na mimba ikikua kiungulia kinawasumbua usiku na mchana, so wanameza chuma na kutafuna juu yake. Weka chuma asubuhi tumbo likiwa tupu, na maji ama maji ya machungwa, chai ingoje kama saa moja hivi, na ya kiungulia iwe usiku. Kama chuma inakuchafua roho, imeze na chakula kidogo, ni afadhali hiyo kuliko kuacha kabisa.

Na choo kuwa nyeusi si alama kwamba dawa inaingia. Nimeskia hii sana. Ile weusi inatoka kwa chuma ambayo haikuingia, kwa hivyo mtu anaweza kupata choo nyeusi kila siku na damu haipandi. Alama ya kweli ni kipimo cha damu, baada ya wiki 4 hivi himoglobini ifaa iwe imepanda angalau gramu 1 kwa desilita, na kama haijapanda, kabla daktari hajabadilisha dawa mwambie kila kitu ulikuwa unatafuna katikati.

Maziwa pia. Glasi ya maziwa, mala ama yogati peke yake na siprofloksasini inaweza kula karibu theluthi ya dawa juu ya kalsiamu, na sisi hapa Nairobi dawa ya asubuhi tunashushia na chai ya maziwa. Meza na maji glasi nzima, maji mengi ni mazuri kwa hiyo dawa hata bila hii shida. Zile unga za kutoa gesi zenye sodiamu haziko na haya madini, lakini usizifanye mbadala wa kila siku, zinaongeza sodiamu mwilini na zinafanya mkojo upoteze asidi, na siprofloksasini haipendi mkojo wa hivyo, inaweza kuganda ikawa chembe chembe.

Watu wa dawa za virusi vya ukimwi wanaotumia dolutegraviri, nyinyi pia mko ndani, hiyo inashikwa na alumini na magnesiamu vile vile, imeze masaa mawili kabla ya dawa ya kiungulia ama masaa sita baada yake. Mwambieni mhudumu wa kliniki kabla ya kununua chochote cha kiungulia.

Na kama umegundua umeshachanganya, usimeze dozi mbili kufidia. Endelea na inayofuata kwa saa yake, tembe ya kiungulia ikiwa imeondolewa njiani, na uhesabu ni dozi ngapi ziliharibika ndio ukifika kwa daktari umpe namba. Dada yangu zilikuwa saba. Alikuwa na joto, kwa hivyo sikumwambia angoje, alirudi siku hiyo hiyo, mkojo ukapelekwa kuoteshwa, majibu yakaonyesha wale wadudu wanauliwa na siprofloksasini bila shida, daktari akaanzisha siku 7 upya na ile karatasi ya masaa ikiwa imebandikwa kwa mbao ya kibanda. Siku ya pili kuchoma kulikuwa kumepungua.